Unalipa kila mwezi, lakini mkataba ni wa mwaka: jinsi ya kujiondoa bila kuumia

Januari ikifika, maswali yanayotujia hubadilika. Desemba watu huuliza jinsi ya kulipia vitu mtandaoni kwa kadi iliyounganishwa na pochi ya simu. Januari, karo ikiwa mlangoni, wanauliza jinsi ya kuzuia hiyo kadi isikatwe tena. Swali moja linajirudia sana kutoka kwa wapiga picha, wachapishaji wa mabango na vijana wanaotengeneza kadi za harusi: "Nililipia programu ya picha, nilidhani ni ya mwezi mmoja mmoja. Sasa nataka kutoka, naambiwa nina deni la mwaka. Hii ni nini?"

Leo tunajibu swali hilo kwa ukamilifu. Tutatumia mfano wa Adobe, kampuni ya Marekani inayotengeneza Photoshop, Illustrator na Premiere, kwa sababu ndiyo programu ambayo wengi wenu mnailipia, na kwa sababu masharti yake yameandikwa wazi kiasi kwamba tunaweza kuyapigia hesabu.

Neno "kila mwezi" lina maana mbili

Ukifungua ukurasa wa bei, unakuta njia tatu za kulipia. Ya kwanza inaitwa `Monthly`. Hii ndiyo ya mwezi mmoja mmoja hasa: unalipa, unatumia, ukitaka kutoka unatoka, na huduma inaendelea hadi mwezi ulioulipia uishe. Ya pili ni `Annual, billed monthly`. Ya tatu ni `Annual, prepaid`, yaani unalipa mwaka mzima kwa mkupuo.

Shida iko kwa hiyo ya pili. Bei yake kwa mwezi ni ya chini kuliko `Monthly`, kwa hivyo jicho linakimbilia hapo. Lakini neno la kwanza ni `Annual`, yaani ya mwaka. Ulichofanya ni kuahidi malipo kumi na mawili, na kampuni imekubali uyalipe kidogo kidogo. Ni sawa na mtu aliyechukua friji kwa malipo ya polepole. Akimaliza awamu ya tatu, hawezi kusema friji ni yake bure kwa sababu amechoka kulipa. Tofauti ni kwamba hapa hakuna friji ya kurudisha, kwa hivyo kampuni inadai pesa.

Inadai kiasi gani? Kwa mpango huo wa pili, ukijiondoa ndani ya siku 14 tangu uagize, unarudishiwa pesa zote. Ukijiondoa baada ya siku 14, unakatwa nusu ya malipo yaliyobaki kwenye mwaka, yote kwa mara moja, na huduma inaisha mwisho wa mwezi ule uliokwisha kulipia.

Na kama ulikuwa hujui, si wewe peke yako. Juni 2024 serikali ya Marekani, kwa rufaa ya Tume yao ya Shirikisho ya Biashara, iliishtaki Adobe katika mahakama ya shirikisho ya Kaskazini mwa California. Madai yalikuwa kwamba kampuni iliwaelekeza wateja kwenye huu mpango wa mwaka unaolipwa kila mwezi, ikaficha ada ya kutoka mapema kwenye maandishi madogo na viungo vya kubofya, na ikaifanya njia ya kutoka kuwa ndefu na ya kuchosha. Adobe ilikana na kusema masharti yake yako wazi. Sisi hatuamui kesi ya mtu. Tunaitaja ili ujue kwamba hata watu wanaokizungumza Kiingereza tangu utotoni walilalamika kuwa hawakuiona hiyo ada.

Mfano wa Misikhu, kwa hesabu

Tuchukue mwenye studio ndogo pale Misikhu, kwenye barabara ya Webuye kwenda Kitale. Anapiga picha za harusi, anatengeneza mabango ya ibada na programu za mazishi, na pasipoti za watoto wa shule. Novemba anaona msimu wa harusi unakuja, anaamua kuacha programu ya kuazima na kulipia ya kwake. Tarehe 3 Novemba anaingiza namba ya kadi yake ya mtandaoni, iliyounganishwa na pochi ya simu, na anabofya bei ya chini.

Ili hesabu iwe rahisi, tuseme bei hiyo ni dola 20 kwa mwezi, na dola moja ni shilingi 130. Hiyo ni shilingi 2,600 kila tarehe 3. Bei halisi unayoiona itategemea programu uliyochagua, kodi na kiwango cha dola siku hiyo, lakini njia ya kupiga hesabu ni hii hii.

Amelipa tarehe 3 Novemba, 3 Desemba na 3 Januari. Malipo matatu, jumla shilingi 7,800. Tarehe 20 Januari shule zimefunguliwa, kazi imekauka, na anataka kutoka.

Malipo yaliyobaki ni tisa. Tisa mara 2,600 ni 23,400. Nusu yake ni 11,700. Hicho ndicho kiasi kitakachokatwa siku atakayojiondoa. Ukijumlisha na alichokwisha kulipa, atakuwa ametumia shilingi 19,500 kwa programu aliyoitumia miezi mitatu. Hiyo ni 6,500 kwa mwezi, kwa kitu alichodhani ni cha 2,600.

Hapa ndipo wengi hukasirika na kufanya kosa la pili, ambalo tutalieleza hapo chini. Lakini kwanza hebu tulia na uiangalie hesabu upande wa pili.

Swali si "nilipe au nisilipe", ni "1,300 kwa mwezi inanifaa?"

Mwenye studio wetu ana njia mbili. Akitoka leo, atalipa 11,700 na hatakuwa na programu. Akibaki hadi mwaka uishe, atalipa 23,400 na atakuwa na programu kwa miezi tisa zaidi. Tofauti kati ya hizo mbili ni 11,700. Igawe kwa miezi tisa, unapata 1,300.

Maana yake ni hii: nusu ya pesa imeshaenda, ukitoka au ukibaki. Kinachobaki cha kuamua ni kama programu inakuletea faida ya zaidi ya 1,300 kwa mwezi, ukichukua wastani wa miezi yote iliyobaki. Kwa mtu wa Bungoma swali hili si gumu sana kulijibu, kwa sababu misimu yetu inajulikana. Pasaka na Aprili zina harusi na mikutano ya makanisa. Na kama mwaka huo unagawanyika kwa mbili, Agosti kuna tohara ya Wabukusu. Kila boma lenye mtahiriwa linataka picha, video na bango. Kazi ya Agosti peke yake inaweza kulipia miezi yote mikavu. Mtu kama huyo akitoka Januari kwa hasira, atalipa 11,700, kisha Julai atarudi kulipia upya.

Lakini kama umeacha kazi ya picha kabisa, umeuza kamera, au umepata programu nyingine unayoridhika nayo, basi hesabu inageuka. Kila mwezi unaobaki bila kutumia unapoteza 1,300. Angalia: akitoka leo gharama ni 11,700. Akingoja alipe 3 Februari ndipo atoke, atakuwa amelipa 2,600, na nusu ya malipo nane yaliyobaki ni 10,400. Jumla 13,000. Ni kweli ada ya kutoka imepungua, lakini mfuko umepungua zaidi. Kwa hivyo "ngoja ipungue kwanza" si mpango. Kama huitumii, toka leo.

Kosa la pili: kuacha pochi tupu

Hili tunalijua vizuri kwa sababu tunaliona upande wetu. Mtu akikasirika, anahamisha salio lote kwenye laini nyingine, au anatuandikia: "Naomba mfunge hiyo kadi wasinikate tena." Kadi tunaweza kuifunga. Na ni kweli tarehe 3 ikifika, malipo yatagonga mwamba, na utapata meseji ya kukuambia muamala umekataliwa kwa kukosa salio.

Lakini kadi ni mlango wa pesa tu. Mkataba uko kati yako na muuzaji, na kuufunga mlango hakuvunji ahadi uliyoweka. Kwa muuzaji, wewe si mtu aliyejiondoa. Wewe ni mteja aliyechelewa kulipa. Mfumo wake utajaribu tena kukata siku zinazofuata. Baadaye utakufungia programu, huku ahadi ya malipo kumi na mawili ikiwa bado haijafutwa. Ukiweka pesa kwenye pochi wiki mbili baadaye, labda ni za mbolea au za karo, na kadi bado inafanya kazi, jaribio jipya linaweza kuzikuta hapo.

Wapo wanaofikiri kwamba wakifuta programu kwenye kompyuta wamemaliza. Hapana. Kufuta programu kunaondoa faili kwenye mashine yako. Akaunti yako iko kwa muuzaji na inaendelea kuhesabu siku. Vivyo hivyo, kubadilisha simu au kuacha kufungua ile barua pepe uliyojisajilia hakuzuii kitu.

Kwa ufupi, kuna kitendo kimoja tu kinachokatisha mpango: kuingia kwenye akaunti na kubofya kukatisha, au kuwasiliana na huduma kwa wateja wa muuzaji na wao wakatishe. Mengine yote ni kuchelewesha.

Hatua za kujiondoa

Kabla ya kuanza, fanya mambo mawili. Kwanza, hifadhi kazi zako. Faili zilizo kwenye kompyuta yako ni zako na hazifutwi, lakini ile aina ya faili yenye tabaka za kuhariri inahitaji programu inayoweza kuisoma. Toa nakala za PDF, JPEG au TIFF za kila kazi ambayo mteja anaweza kurudi kuiomba. Zile ulizoziweka kwenye hifadhi ya mtandaoni ya Adobe zipakue, kwa sababu nafasi ya hifadhi hupungua sana akaunti ikirudi kuwa ya bure. Baadhi ya programu za bure, kama GIMP, hufungua faili za Photoshop, ingawa si kila athari itatoka ilivyokuwa.

Pili, kumbuka ulinunulia wapi. Kama ulijiunga kupitia duka la programu la simu, yaani Google Play au la Apple, basi unajiondoa huko huko dukani na masharti ya kurudishiwa pesa ni ya duka hilo. Kama uliingiza namba ya kadi kwenye tovuti ya Adobe, fuata hatua hizi. Tunashauri utumie kompyuta au simu yenye skrini kubwa kidogo, kwa sababu kuna kurasa kadhaa za kupita.

1. Fungua `account.adobe.com/plans` na uingie kwa barua pepe uliyojisajilia. Kama una barua pepe mbili, angalia ni ipi iliyopokea risiti.

2. Tafuta mpango wako, bofya `Manage plan`. Soma aina ya mpango kabla ya kwenda mbele. Kama umeandikwa `Monthly`, huna ada ya kutoka. Kama ni `Annual, billed monthly`, endelea ukijua kuna hesabu. Andika tarehe ya mwaka kuisha unayoiona hapo.

3. Bofya `Cancel your plan`. Unaweza kuombwa nenosiri tena, kisha sababu ya kuondoka. Chagua yoyote iliyo kweli.

4. Kutakuja ukurasa unaoonyesha gharama ya kutoka na tarehe ambayo huduma itaisha. Huu ndio ukurasa muhimu kuliko yote. Linganisha kiasi hicho na hesabu yako: malipo yaliyobaki, gawa kwa mbili. Kama hazilingani, usibofye kitu. Piga picha ya skrini na uwasiliane na huduma yao kwa wateja kwanza.

5. Huenda ukapewa ofa ili ubaki: miezi ya bure, au mpango wa bei ndogo. Wakati mwingine ofa ni nzuri, hasa kama ulikuwa na shida ya Januari tu. Lakini kukubali ofa ni kubaki. Soma kama mwaka unaendelea kutoka ulipokuwa au unaanza upya, kwa sababu ukianza upya umejifunga malipo mengine kumi na mawili.

6. Ukifika mwisho, bofya kitufe cha kuthibitisha. Hapa watu wengi huteleza: wanafika ukurasa wa ofa, wanafunga dirisha, wanaamini wametoka. Ukitoka kweli, utapata barua pepe ya kuthibitisha, na ukirudi kwenye ukurasa wa mpango utaona tarehe ya kuisha badala ya tarehe ya malipo yajayo. Usipoviona hivyo viwili, bado uko ndani.

Kama huoni kabisa mahali pa kukatisha, huenda kuna malipo yanayoshughulikiwa. Ngoja saa 24 ujaribu tena. Kwa sababu hii, usisubiri usiku wa tarehe 2 ndipo uanze, wala usiku wa siku ya 14.

Hakikisha salio lipo siku ya kutoka

Ada ya kutoka hukatwa kwa mkupuo. Kwa mwenye studio wetu ni 11,700, si 2,600 aliyozoea. Ukiwa na salio dogo, au umejiwekea kikomo cha matumizi kwenye kadi, malipo hayo yatakataliwa na utabaki na deni lisilolipwa badala ya mpango uliofungwa vizuri. Weka pesa kwanza, ongeza kidogo juu kwa ajili ya mabadiliko ya bei ya dola, kisha ndipo ubofye. Ukisha katwa na umepata uthibitisho, ifunge kadi ukipenda. Mpangilio ndio huo: katisha, lipa, thibitisha, ndipo ufunge kadi. Watu wengi huanza na ya mwisho.

Ukikatwa tena baada ya kutoka

Ikitokea umejiondoa, una barua pepe ya uthibitisho, na bado mwezi unaofuata pesa zinakatwa, hapo ndipo sisi tunaingia. Wasiliana na muuzaji kwanza, umwonyeshe tarehe ya uthibitisho. Asipokurudishia, tuletee pingamizi la muamala pamoja na vitu vitatu: meseji ya makato yenye namba ya muamala, barua pepe ya kuthibitisha kujiondoa, na picha ya ule ukurasa unaoonyesha tarehe ya kuisha. Tukiwa na hivyo tuna la kusimamia mbele ya mtandao wa kadi.

Tusichoweza kufanya ni kurudisha malipo uliyokubali mwenyewe kwa sababu hukusoma masharti. Si kama kutuma pesa kwa namba isiyo sahihi, ambapo kuna utaratibu wa kurejesha. Muuzaji ataonyesha kwamba ulikubali mpango wa mwaka, na pingamizi litaanguka. Tunasema hivi mapema ili usipoteze wiki tatu ukisubiri jibu ambalo tayari tunalijua.

Ukiwa bado hujajiunga: kanuni ya miezi sita

Tumalizie kwa mtu ambaye kadi yake iko mkononi lakini hajabofya. Mpango wa `Monthly` huwa ghali zaidi kwa mwezi. Huko Marekani bei zake zimekuwa karibu mara moja na nusu ya zile za mpango wa mwaka. Kwa mfano wetu ni shilingi 3,900 badala ya 2,600. Inaonekana kama hasara, lakini angalia.

Ukitumia miezi mitatu tu kisha utoke, mpango wa `Monthly` unakugharimu 11,700. Ule wa mwaka, pamoja na ada ya kutoka, unakugharimu 19,500. Ukitumia miezi sita kisha utoke, yote mawili yanalingana kabisa: sita mara 3,900 ni 23,400, na sita mara 2,600 ni 15,600, ukiongeza nusu ya malipo sita yaliyobaki, ambayo ni 7,800, unapata 23,400. Kwa hivyo tofauti ya bei ikiwa hivyo, mpaka ni miezi sita. Kazi yako ikiwa ni ya msimu mmoja, ile "ghali" ndiyo rahisi. Ukijua utaitumia zaidi ya nusu mwaka mfululizo, chukua ya mwaka. Kama bei unazoziona zina tofauti nyingine, piga hesabu upya kwa njia hiyo hiyo kabla ya kuweka kadi.

Ukichukua kipindi cha majaribio cha siku saba, kumbuka kwamba kikiisha kadi inaanza kukatwa, na mpango unaofuata mara nyingi ni ule wa mwaka. Jiondoe kabla hakijaisha kama hujaamua. Na siku 14 za kurudishiwa pesa, zihesabu kuanzia siku ulipoingiza kadi, ili hata ukikosea uwe umekosea upande salama.

Kwa aliyeamua kubaki hadi mwisho, kuna tarehe moja ya kuandika ukutani. Mpango wa mwaka hujisasisha wenyewe. Usipofanya kitu, unaingia mwaka mwingine. Mwenye studio wetu aliyeanza 3 Novemba atafanya malipo yake ya kumi na mbili tarehe 3 Oktoba. Kuanzia hapo malipo yaliyobaki ni sifuri, na nusu ya sifuri ni sifuri. Akijiondoa kati ya siku hiyo na mwisho wa Oktoba, ule ukurasa wa gharama haupaswi kuonyesha ada, na programu itaendelea kufanya kazi hadi mwezi aliolipia uishe. Akisahau hadi makato ya 3 Novemba yaingie, amefungua mwaka mpya.

Kwa hivyo chukua simu yako sasa hivi, fungua meseji za makato, na utafute ile ya kwanza kabisa ya programu hiyo. Tarehe iliyo hapo ndiyo tarehe ya mwaka wako. Weka kengele kwenye kalenda wiki tatu kabla yake. Kama uliifuta meseji, pakua taarifa ya miamala ya pochi yako ya miezi kumi na miwili na utafute jina la muuzaji humo.